Polipropilini ya isotaktiki au ya ataktiki: ipi ya kamba, ipi ya paa

Kamba inayofungiwa mwani Paje na karatasi nyeusi ya lami inayochomewa juu ya paa bapa la zege mjini zina kitu kimoja ndani yake: polipropilini. Fomula ni ile ile, (C3H6)n. Ukizipima polima hizo mbili zikiwa safi, utakuta kaboni ile ile na haidrojeni ile ile kwa kiasi kile kile. Hata hivyo polima ya kamba haiyeyuki mpaka ikaribie 160 °C, na huvutwa ikawa uzi wa kubeba mzigo. Ile iliyo nyingi ndani ya karatasi ya paa haina nukta ya kuyeyuka kabisa. Ukiibonyeza kwa ukucha inabaki na alama, na ukiivuta inafuata kidole kama ulimbo.

Ya kwanza inaitwa isotaktiki, ya pili ataktiki. Anayenunua chembe za plastiki za kusokotea kamba, anayetafuta gundi ya kushika ndoo, au anayetaka kuziba paa, anachagua baina ya hizi mbili hata kama majina haya hayajaandikwa popote kwenye gunia.

Kitawi kiko upande gani

Uti wa mnyororo wa polipropilini ni kaboni zilizofuatana, na kila kaboni ya pili imebeba kitawi kimoja kifupi, kundi la methili, CH3. Uwazie mnyororo huo umenyooshwa juu ya meza kwa mtindo wa zigizaga. Kila kitawi hakina budi kuelekea ama upande wako ama upande wa pili wa uti. Vitawi vyote vikiwa upande mmoja, hiyo ni isotaktiki. Vikiwa ovyo, kama kwamba kila kimoja kilirushiwa sarafu, hiyo ni ataktiki. Iko na ya tatu, sindiotaktiki, ambayo vitawi vyake hupishana kwa zamu, huku, kule, huku, kule. Hiyo madukani ni nadra, tuiache.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu husema: si mnyororo unajizungusha? Basi ukiupasha moto na kuuvuta vizuri, vitawi vitajipanga upande mmoja. Havitojipanga. Kuuzungusha uti kwenye viungo vyake kunabadilisha umbo la mnyororo, hakubadilishi mpango wa makundi manne yaliyoshikana na kaboni ile. Ni kama viatu vya kushoto na vya kulia: ukikigeuza cha kushoto mara mia bado ni cha kushoto. Kukihamisha kitawi upande wa pili, lazima kiungo cha kemia kikatike kisha kiundwe upya. Kwa hiyo upande uliamuliwa siku mnyororo ulipotengenezwa, ndani ya mtambo, na kichocheo kilichokuwa kikiongeza molekuli moja ya propilini baada ya nyengine. Hakuna fundi, tanuri wala dawa ya kuigeuza ataktiki kuwa isotaktiki baadaye.

Ndivyo zilivyogunduliwa pia. Tarehe 11 Machi 1954, katika Politecnico ya Milano, kundi la Giulio Natta liliunganisha propilini kwa kichocheo cha titani na alumini cha aina aliyoitengeneza Karl Ziegler huko Ujerumani. Walichokipata kwanza kilikuwa mchanganyiko wa kunata. Wakauosha kwa viyeyusho vyenye nguvu zaidi hatua kwa hatua: sehemu ikatoka na etha, nyengine ikatoka na heptani inayochemka, na mwisho ukabaki unga mweupe mkavu uliokataa kuyeyuka humo. Unga ule ndio isotaktiki, na kilichotoka mwanzo, chenye kunata, ni ataktiki. Ziegler na Natta walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1963. Ile njia ya kuosha bado inatumika kupimia, kama tutakavyoona.

Kwa nini mpangilio unazaa fuwele

Fuwele ni minyororo iliyolazwa sambamba, ikakaribiana mpaka nguvu ndogo ndogo za kuvutana zikajumlika zikawa kubwa. Boriti za mikoko zilizoparuliwa vizuri unaweza kuzirundika bila nafasi baina yake. Zile zilizobakishwa visiki vya matawi, kimoja huku, chengine kule, kwa urefu usiotabirika, hazikubali. Mbili zikikaa, ya tatu inainuliwa na kisiki.

Mnyororo wa isotaktiki nao una vitawi, tena vingi. Lakini kwa kuwa vyote viko upande mmoja, vingesongamana kama mnyororo ungebaki bapa. Kwa hiyo unajisokota kama hesi ya parafujo: viungo vitatu vya propilini, mzunguko mmoja kamili, na baada ya kila nanomita 0.65 umbo linajirudia sawasawa. Parafujo mbili za hesi moja zinaweza kulazwa ubavu kwa ubavu, ukingo wa moja ukaingia kwenye mfereji wa nyengine. Hivyo ndivyo fuwele ya polipropilini inavyojengeka.

Mnyororo wa ataktiki hauwezi kushika hesi hiyo. Kwa sarafu ya haki, vitawi viwili vitatu vinaweza kuangukia upande mmoja kwa bahati, kisha kinachofuata kinakwenda upande wa pili. Mzunguko mmoja wa hesi unataka viungo vitatu, kwa hiyo mpangilio unavunjika kabla hata mzunguko wa pili haujakamilika. Fuwele haipati pa kuanzia, na polima yote inabaki kama bakuli la tambi zilizoviringana. Hapana fuwele, kwa hiyo hapana cha kuyeyuka. Neno "kuyeyuka" lina maana pale tu penye mpangilio wa kuvunjwa.

Ataktiki ina nukta nyengine, iliyo chini sana. Chini ya hapo minyororo yake inaganda ikawa ngumu kama kioo, juu yake inaanza kujinyonganyonga. Nukta hiyo iko karibu na 0 °C au nyuzi kumi na kitu chini yake. Hapa kwetu, hata usiku wa kusi, sote tuko juu ya nukta hiyo, kwa hiyo ataktiki Zanzibar huwa laini mwaka mzima. Kadiri joto linavyopanda inazidi kulegea polepole, bila mstari wa kusema hapa ilikuwa imara na hapa imekwisha. Yenye minyororo mifupi hufanana na grisi nzito, yenye minyororo mirefu hufanana na mpira dhaifu.

Makosa mangapi yanavumilika?

Baina ya isotaktiki kamili na ataktiki kamili kuna ngazi nyingi, na plastiki za dukani ziko juu ya ngazi hizo. Tuchukue mnyororo wa isotaktiki ambao mara moja moja kichocheo kimekosea kikaweka kitawi upande usio wake. Kosa aghalabu haliingii ndani ya fuwele, linasukumwa nje. Kwa hiyo unene wa fuwele hauwezi kuzidi sana urefu wa kipande kilicho safi baina ya kosa na kosa.

Kila kiungo katika hesi kinasogea mbele nanomita 0.217, yaani 0.65 gawa kwa 3. Kosa likiwa 1 katika viungo 100, kipande safi kina wastani wa viungo 100, sawa na nanomita 21.7. Likiwa 2 katika 100, kipande ni nanomita 10.8. Likiwa 5 katika 100, kinabaki nanomita 4.3 tu.

Sasa unene huo tuugeuze kuwa joto. Fuwele nyembamba ina uso mwingi ukilinganisha na kiini chake, na chembe zilizo usoni hazijashikwa pande zote, kwa hiyo fuwele nyembamba huyeyuka mapema. Kwa polipropilini ya isotaktiki, ukichukua nishati ya uso ya takriban jouli 0.1 kwa mita ya mraba na joto la kuyeyusha la takriban jouli 194 kwa sentimita ya ujazo, kanuni inakuwa nyepesi:

Tm = 460 × (1 − 1/L)

L ni unene kwa nanomita, Tm ni kwa kelvini, na 460 K (kama 187 °C) ni kiwango cha fuwele nene isiyo na mwisho. Weka 21.7 unapata 439 K, yaani 166 °C. Weka 10.8 unapata 417 K, yaani 144 °C. Weka 4.3 unapata 353 K, yaani 80 °C.

Haya ni makadirio. Vipande vya kweli havilingani urefu, na namna ulivyopoza nayo ina kauli yake. Lakini mwelekeo ni wa kweli na ni mkali: kutoka kosa 1 hadi makosa 5 katika 100, kitu kinachostahimili maji yanayochemka kinageuka kuwa kitu kisichoweza kupokea chai ya moto. Mtu akikwambia plastiki yake ni "isotaktiki asilimia 95", uliza asilimia 95 ya nini. Ikiwa ni viungo vilivyo upande sahihi, hiyo ni mbaya mno kwa kamba. Ikiwa ni sehemu isiyoyeyuka katika heptani inayochemka, hiyo ni bidhaa ya kawaida.

Kuna mtego mwengine hapo hapo. Vichocheo vya kizazi cha Ziegler na Natta hulundika makosa yao kwenye baadhi ya minyororo, mengine yakabaki karibu safi. Vichocheo vya metalosini, vilivyokuja miaka ya 1980, huyatawanya makosa sawasawa kwenye minyororo yote. Jumla ya makosa ikiwa sawa, bidhaa ya kwanza bado inayeyuka karibu na 160 °C kwa sababu ile minyororo safi inajenga fuwele nene, na ya pili inaweza kuwa chini kwa zaidi ya nyuzi 10.

Zikiwekwa ubavuni

| | Isotaktiki ya biashara | Ataktiki |
|---|---|---|
| Sehemu iliyo fuwele | kama 40 hadi 60 katika 100 | karibu hakuna |
| Kuyeyuka | 160 hadi 166 °C | hakuna nukta, inalegea tu |
| Densiti, g/cm³ | 0.90 hadi 0.91 | kama 0.86 |
| Katika heksani ya baridi | haiyeyuki | inayeyuka |
| Kwa mkono | ngumu, kavu | laini, inanata |

Tazama mstari wa kwanza vizuri. Hata isotaktiki safi haifiki fuwele mia kwa mia. Minyororo ni mirefu na imejifunga mafundo, na ikipoa haipati muda wa kujinasua yote. Mpangilio wa vitawi unatoa ruhusa ya kuwa fuwele, upoaji ndio unaoamua ruhusa hiyo imetumika kiasi gani. Chembe zile zile za gunia moja, ukizimimina ziwe karatasi nyembamba na kuipoza ghafla kwa maji baridi, utapata plastiki angavu na laini kidogo. Ukizimimina kwenye kalibu nene ya ndoo ikapoa taratibu, utapata ukuta mgumu wenye ukungu, na khasa penye unene mkubwa, unaovunjika kirahisi.

Kazi ya kwanza: kamba

Hapa hakuna mjadala, ni isotaktiki. Kamba inatengenezwa kwa kuivuta plastiki mara kadhaa ya urefu wake ikiwa ya moto lakini haijayeyuka. Wakati wa kuvuta, zile fuwele bapa zinavunjika na hesi zinalazwa kuelekea urefu wa uzi. Baada ya hapo mzigo unabebwa na viungo vya kaboni vyenyewe. Ataktiki ukiivuta, minyororo inateleza moja juu ya mwenziwe kwa sababu hakuna fuwele za kuishikiza, na uzi unarefuka mpaka unakatika bila kupata nguvu.

Kiwandani, chembe zenye mabaki mengi ya ataktiki hujulikana kwa dalili. Uzi unanata kwenye rola, vumbi linashika, na kamba ikifungwa ikakazwa inalegea kuliko ilivyotarajiwa. Kulegea kidogo lakini ni tabia ya polipropilini yoyote. Ile nusu isiyo fuwele ndani ya kamba iko juu ya nukta yake ya kuganda, na maji ya kina kifupi yenye nyuzi 30 hayaipi nafasi ya kukakamaa. Mstari wa mwani ulioukaza baina ya vigingi wakati wa bamvua hili, utaukuta umelegea bamvua lijalo, na dawa yake ni kuukaza upya. Kamba ya daraja bora itapunguza tu.

Densiti yake inaifanya ielee: 0.91 dhidi ya maji ya bahari ya 1.025. Nailoni, kwa densiti ya 1.14, inazama. Kwa mwani ulioinuliwa juu ya mchanga kuelea ni faida, kwa nanga ya ngalawa ni hasara, maana kamba inayoelea inakwenda kwenye parapela ya jirani.

Mambo mawili yanayoua kamba hii hayahusiani na idadi ya makosa peke yake. La kwanza ni msuguano. Kamba yenye mzigo ikikimbia juu ya nguzo ya gati, uso wake unafika 160 na kitu kwa muda mfupi sana, unayeyuka na kuganda ukawa ganda linalong'aa. Ukiona ng'aro hiyo, nyuzi za chini yake zimeshashikana, na hapo ndipo itakapokatikia. Nailoni 6 inayeyuka kama 220 °C, kwa hiyo inavumilia zaidi. La pili ni jua. Kila kaboni yenye kitawi ina haidrojeni moja iliyoshikwa kwa ulegevu, na hiyo iko sawa katika isotaktiki na katika ataktiki. Mwanga wa jua na oksijeni vinaanzia hapo na kuukata mnyororo. Oksijeni hupenya vigumu ndani ya fuwele, kwa hiyo shambulio linatokea baina yake, na hapo ndipo ilipo minyororo inayozifunga fuwele pamoja. Ndiyo maana kamba ya zamani haipungui unene kwanza, inaanza kutoa unga na nyuzi fupi zinazochoma mikono. Kinga ni dawa ya kuzuia mwanga iliyochanganywa kiwandani, au kaboni nyeusi. Kununua isotaktiki safi zaidi hakukulindi na jua.

Kazi ya pili: paa na gundi

Lami tupu ya daraja la 60/70 hulainika baina ya 49 na 56 °C. Paa jeusi lililo juani saa nane mchana hupita 60 °C kwa urahisi, kwa hiyo lami tupu juu ya paa letu inatiririka kuelekea mlizamu. Ndipo inapochanganywa polipropilini, na kwenye roli utaona herufi APP, kifupi cha Kiingereza cha polipropilini ya ataktiki.

Kwa nini wasitie isotaktiki moja kwa moja, ambayo ndiyo yenye kustahimili joto? Kwa sababu fuwele haziingiliani na mafuta ya lami. Ukiitia peke yake inajitenga, na ikipoa inaacha karatasi ngumu inayopasuka ikikunjwa. Ataktiki, isiyo na fuwele, inafyonza mafuta hayo, inavimba na kujisambaza mpaka yenyewe ndiyo inayoizunguka lami. Kisha kiasi kidogo cha isotaktiki kilichomo kinafanya vishikizo vichache vya fuwele ndani ya mtandao huo. Matokeo ni karatasi inayokunjika lakini haitiririki hata ikipita 110 °C. Hii ni kazi ambayo ataktiki inaifanya vizuri kuliko ndugu yake, kwa sababu ile ile iliyoikosesha kamba.

Karatasi ya kawaida ni ya unene wa milimita 4, upana mita 1, urefu mita 10. Zege likauke, lipakwe lami nyepesi ya msingi, nayo ikauke. Kwenye mbavu karatasi zilaliane sentimita 10, kwenye miisho 15. Moto wa tochi ya gesi upelekwe kwenye uso wa chini wa roli mpaka utando mwembamba wa plastiki uyeyuke na lami ing'ae, ndipo roli isukumwe mbele. Kipimo cha macho ni mstari wa lami unaojitokeza kwenye ukingo wa mlaliano, milimita 5 hadi 10. Usipotokea, mlaliano uko baridi na maji ya masika yataingia. Ukitokea kwa wingi na kitambaa cha ndani kikaanza kuonekana, umechoma kupita kiasi na karatasi imebaki bila nyama.

Gundi ya kuyeyusha ni hadithi jirani. Ndoo ya polipropilini haikubali gundi nyingi kwa kuwa uso wake hauna cha kushikika kikemia. Gundi yenye msingi wa ataktiki inalowa uso huo kwa kuwa ni minyororo ya jamii moja. Hutumiwa kwenye 160 hadi 180 °C, na kwa kuwa hakuna fuwele zinazoganda ghafla, unapata muda mrefu wa kusogeza vipande kabla haijashika. Muda huo mrefu ndio udhaifu wake pia: haigandi kikweli. Usiitundikie kitu chenye uzito chini ya mabati. Asubuhi kimeshika, jioni kimeteremka vidole viwili.

Ngazi za kati

Mara nyengine mtengenezaji anaharibu mpangilio kwa makusudi. Bomba la PPR analounga fundi bomba ni isotaktiki iliyotiwa etilini kidogo, hapa na pale bila mpango. Kila etilini ni kosa ndani ya hesi, kwa hiyo fuwele zinakuwa nyembamba na kuyeyuka kunashuka hadi 140 na kitu. Bomba linapata ulaini wa kuhimili mapigo ya maji na linaungika vizuri: pasi ya 260 °C, bomba la milimita 20 sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Ukipitisha muda huo, midomo ya ndani inavimba na kuziba njia. Bidhaa hii isichanganywe na ataktiki. Makosa yake ni machache na yamepimwa.

Isotaktiki tupu nayo ina mahali isipofaa, nako ni kwenye friza. Kwa −18 °C sehemu yake isiyo fuwele imeshaganda kama kioo, na ndoo ya barafu ikiangushwa kwenye sakafu inapasuka nyota. Kwa samaki wa barafu chukua ile iliyochanganywa na mpira wa etilini na propilini, ambayo mtengenezaji ataiita ya kuhimili kishindo.

Kujua ulichonacho

Karatasi ya sifa inayokuja na gunia kwa kawaida haitaji isotaktiki. Inataja kasi ya kutiririka kwa 230 °C na kilo 2.16, na wanunuzi wengi hudhani hiyo ndiyo daraja. Hiyo inakwambia urefu wa mnyororo, si upande wa vitawi. Omba namba mbili nyengine: joto la kuyeyuka kwa DSC, yaani mashine inayopasha sampuli moto na kupima joto inalofyonza, na asilimia inayoyeyuka katika zailini baridi.

Kipimo cha zailini hufanywa maabara, ndani ya kabati la kuvuta hewa, maana mvuke wake unawaka. Gramu 2 huyeyushwa katika mililita 200 za zailini inayochemka, kisha hupozwa hadi 25 °C. Isotaktiki inajenga fuwele na kuanguka, ataktiki inabaki ndani ya kimiminika. Huchujwa, mililita 100 za kilichopita hukaushwa na mabaki kupimwa. Mabaki yakiwa gramu 0.030, katika mililita zote 200 yangekuwa 0.060, na hiyo ni asilimia 3 ya gramu 2. Kwa kamba ni sawa. Ikifika asilimia 8 au 10, rola zitaanza kunata. Kwa DSC, joto la kuyeyusha likiwa jouli 98 kwa gramu, gawa kwa 207 ya fuwele kamili: asilimia 47.

Asiye na maabara ana njia ya nyumbani. Weka kipande kidogo ndani ya tyubu nyembamba ya kioo, izamishe kwenye mafuta ya kupikia yenye kipimajoto, upashe moto taratibu, usipite 190 °C. Usikitumbukize kipande ndani ya mafuta yenyewe, kwani mafuta hupenya na kukilainisha kabla ya wakati. Poliethilini ngumu itaangavuka na kuinama karibu na 130 °C. Isotaktiki itangoja mpaka 160 na kitu. Kipande cha kamba kitajikunja na kufupika kwanza, kwa kuwa kilivutwa kiwandani. Usihesabu huko kuwa ni kuyeyuka. Kinachoanza kutambaa kwenye kioo tangu 80 au 90 °C bila kugeuka rangi ni cha jamii ya ataktiki.

Na ikiwa una kiberiti tu, yeyusha ncha ya kamba, uiangushe tone moja kwenye kigae cha baridi na ulitazame. Likiwa la moto litakuwa angavu kama maji. Baada ya sekunde chache weupe utaanza kwenye ukingo na kuenea mpaka katikati: hizo ni fuwele zinaota mbele ya macho yako. Tone likibaki angavu, na baada ya robo saa bado linashika kidole, usilipeleke baharini.